Kuhakiki mswada wa historia: ulipwe kwa ukurasa, kwa saa, kwa forfe ao kwa pointi?

Chukua sentensi hii moja tu, iko kwenye mswada wa papa mmoja wa Katuba anayeandika maisha ya babu yake aliyefanya kazi migodini: "Mwaka 1906 Wabelgiji walianzisha Gécamines hapa Lubumbashi, na mwaka huohuo treni ikaanza kuleta watu." Maneno hayafiki hata kumi na tano. Lakini mtu wa kuhakiki akiishika na kalamu yake anakuta humo mambo matano ya kutafuta, na kila moja liko na njia yake.

Mwaka 1906 uko sawa, kampuni ilianzishwa mwaka huo, ila jina lake lilikuwa Union Minière du Haut-Katanga. Jina la Gécamines lilikuja baadaye, baada ya serikali ya Mobutu kuichukua kampuni mwaka 1967, na hata hapo ilipita kwanza kwa jina la Gécomin. Kusema "Wabelgiji" peke yao pia si sawa kabisa, juu pesa za Waingereza zilikuwamo, kupitia Tanganyika Concessions ya Robert Williams. Mji nao haukuwapo bado mwaka 1906, ulianzishwa 1910 kwa jina la Elisabethville, na ukaitwa rasmi Lubumbashi mwaka 1966. Treni ikitoka upande wa kusini ilifika hapa mwaka 1910, haikufika 1906. Sentensi moja, pointi tano, na nne kati yake zinataka kurekebishwa.

Ukigeuza kurasa chache unakuta bibi anapika bukari, watoto wanaimba uani, mvua inanyesha, kurasa mbili nzima na hakuna cha kutafuta hata kimoja. Kwangu njo hapo shida yote ya bei inapoanzia. Wenzangu wengi wanaofanya kazi hii hapa Lubumbashi, na wale wa Bukavu tunaoandikiana, wanalipisha kwa ukurasa juu njo tulivyozoea kwa watu wa kutafsiri na wa kusahihisha lugha. Nimejaribu njia zote nne, na hapa naziweka moja kando ya ingine juu ya kazi moja ileile, ndipo uchague yako.

Kwanza tuelewane juu ya neno pointi. Naita pointi kila jambo moja linaloweza kuwa kweli ao uongo, na ambalo mtu mwingine anaweza kulitafuta: tarehe, jina, cheo, mahali, hesabu, maneno ya mtu yaliyonukuliwa, nani alimfanyia nani nini. "Babu alikuwa na huzuni" si pointi. "Babu alifungwa miezi miwili Kasapa" ni pointi tatu: kwamba alifungwa, ni muda gani, na wapi.

Na pointi hazilingani uzito. Mimi nazigawa mara tatu. Nyepesi ni ile unayoimaliza kwa hatua moja, na kalenda, ramani ao kitabu kilicho mezani, kwangu inachukua dakika 4 hivi pamoja na kuandika. Ya wastani inataka vyanzo viwili visivyotegemeana, dakika 15 hivi. Nzito inataka nyaraka, gazeti la zamani ao mtu wa kuongea naye, na hiyo naipa saa 2, nikifika hapo nasimama hata kama sijapata kitu (nitarudi kwa jambo hili, juu njo panapoleta ugomvi).

Mfano wa nyepesi kutoka mswada uleule, kwenye sura ya mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière: "Jumapili tarehe 9 Desemba 1941 wagomaji walikusanyika." Kalenda tu inatosha, siku hiyo ilikuwa Jumanne. Ingine: babu analipwa "zaire tano" mwaka 1958. Haiwezekani, pesa iliyoitwa zaire ilianza mwaka 1967, mbele yake tulikuwa na franga. Hizi unazikamata hata bila koneksio, na usizidharau, juu msomaji akiona zaire ya mwaka 1958 hataamini hata zile kurasa zenye kweli tupu. Mfano wa wastani: mwandishi anasema wagomaji walikusanyika "kwenye uwanja wa Mazembe". Ukiuliza kijana yeyote atakwambia sawa, Mazembe ni timu ya zamani, ya mwaka 1939. Timu ndiyo, lakini uwanja wake wa Kamalondo tunaoujua leo ulifunguliwa 2011, kwa hiyo lazima utafute wagomaji walisimama wapi kweli na kiwanja kile kiliitwaje wakati huo, na hapo hatua moja haitoshi.

Nzito njo ile iliyonifanya nibadilishe namna yangu ya kulipisha. Mwandishi ameandika: "Siku hiyo watu 60 waliuawa, na Gavana Maron mwenyewe alimpiga risasi Léonard Mpoyi." Hapa ndani kuna watu waliokufa, kuna gavana anayetajwa kumuua kiongozi wa wagomaji kwa mkono wake, na kuna familia ambazo wajukuu wao wako hai hapa mjini. Ukifungua vitabu utakuta hesabu haziendi pamoja: kuna wanaotaja 60 hadi 70, na hesabu ya wakubwa wa wakati ule ni ya chini. Habari ya gavana kupiga risasi mwenyewe iko kwenye maandishi kadhaa, lakini ukifuata notisi za chini ya kurasa unaanza kuona mwandishi huyu amechukua kwa yule na yule kwa mwingine, na vitabu vitatu ulivyovihesabu kuwa mashahidi watatu vinarudi kuwa shahidi mmoja. Kazi ile ya kufuata nani alichukua wapi haionekani kwenye ukurasa hata kidogo, na inakula saa mbili kama mchezo.

Sasa tuhesabu. Nachukua sura mbili za mswada uleule, zote za kurasa 12. Sura ya 3 ni ya mgomo wa 1941, nilikuta pointi 118: nyepesi 70, wastani 39, nzito 9. Ukizidisha na dakika nilizotaja unapata kama saa 32 na nusu. Sura ya 6 ni utoto wa mwandishi kwenye kambi ya wafanyakazi, pointi 31: nyepesi 24, wastani 6, nzito 1, jumla saa 5 na kidogo. Bei ni zangu mimi, wewe weka zako, kinachotakiwa kuangaliwa ni umbo la hesabu: ukurasa dola 5, saa dola 6, forfe dola 100 kwa sura, na pointi dola 0.5 kwa nyepesi, 1.5 kwa wastani, 10 kwa nzito.

| Namna ya kulipisha | Sura ya 3 (mgomo) | Sura ya 6 (utoto) |
|---|---|---|
| Kwa ukurasa | dola 60 | dola 60 |
| Kwa saa | dola 194.5 | dola 31 |
| Kwa forfe | dola 100 | dola 100 |
| Kwa pointi | dola 183.5 | dola 31 |

Angalia mstari wa ukurasa. Kwenye sura ya mgomo mimi nafanya kazi kwa chini ya dola 2 kwa saa, kwenye sura ya utoto napata karibu 12. Mtu anaweza kusema basi inajilipa, hasara ya huku inafunikwa na faida ya kule. Inajilipa kama kitabu kiko nusu kwa nusu, na wewe hukuandika kitabu. Lakini ubaya wake mkubwa hauko hata kwenye pesa, uko kwenye mkono wako ukichoka: unapolipwa dola 5 kwa ukurasa wenye pointi kumi, ukifika pointi ya saba unaanza kusema hii inaonekana sawa tu, twende. Sisemi watu ni wezi, nasema bei ya namna hii inamsukuma hata mtu wa kweli aruke palepale panapohitaji macho. Kwa hiyo ukurasa mimi nauacha kwa kusahihisha lugha, huko unafaa, juu kila ukurasa una maneno karibu sawa.

Forfe wachapishaji wanaipenda, juu wanajua mwisho wake mapema na wanaiweka kwenye bajeti. Haina shida kama umesoma mswada wote mbele ya kutaja bei. Shida ni kwamba forfe inaombwa kwenye simu, "mwanangu ni kurasa 160 tu, unanifanyia ngapi?", na wewe unataja namba ukiwa hujaona hata ukurasa mmoja. Ingine ni kwamba forfe haina mlango: mwandishi anarudi baada ya wiki tatu ameongeza sura mpya, anasema si tulisikilizana kwa kitabu kizima. Ukiikubali forfe andika ndani yake hesabu ya pointi iliyohesabiwa siku ileile, na kwamba pointi itakayozidi inalipwa peke yake. Ukishaandika hivyo, ujue umerudi kwa pointi bila kulitaja jina.

Sasa saa na pointi. Kwenye tabelo zinakaribiana sana, kwa hiyo mtu atauliza kwa nini nisilipishe tu kwa saa kama avoka. Naona sababu mbili. Ya kwanza ni maisha yetu hapa: delestaji inakata umeme saa nne za asubuhi, koneksio inazunguka dakika kumi kufungua faili moja la kurasa zilizopigwa picha, naenda maktaba nakuta mwenye ufunguo yuko kwenye matanga. Saa ile ni ya nani? Nikimhesabia mteja namuonea, nisipomhesabia najionea, na kila mwisho wa wiki tunabishana juu ya saa ambazo hakuna aliyeziona. Pointi iko kwenye karatasi, sote wawili tunaiona.

Ya pili njo naipenda zaidi: mteja akiwa na pesa kidogo anaweza kupunguza pointi, hawezi kupunguza saa. Papa wa Katuba alikuwa na dola 120 kwa sura ya mgomo, bei ilikuwa 183.5. Tulikaa na orodha mezani kwake, nikamwambia muzee, zisizoguswa ni hizi: watu waliokufa, mtu anayetajwa kwa kosa, majina ya watu ambao familia zao ziko hai, na maneno yaliyowekwa ndani ya alama za kunukuu. Hizo tunazifanya zote, juu kosa hapo linaumiza mtu, na sheria yetu ya adhabu inamjua anayemsingizia mwenzake jambo la kumharibia heshima. Zilizobaki akachagua mwenyewe. Bei ya tani za shaba akaitoa, akaondoa na sentensi nzima kwenye kitabu, akasema haimhusu babu. Tulifika dola 120, akatoa zote. Kwa saa, mazungumzo ya namna hiyo hayawezekani, ungebaki kusema "nitajaribu kufanya haraka".

Upungufu wa pointi nausema pia. Kuhesabu kwenyewe ni kazi: mswada wa kurasa 160 unanichukua siku nzima na kidogo, na penseli mkononi, kila pointi mstari chini na herufi pembeni (n, w, z). Hiyo siku mimi nailipisha dola 25, na kama kazi inakuja kwangu naitoa kwenye faktire ya mwisho. Ukiihesabu bure utahesabia watu ambao wanachukua orodha yako wanampelekea mwingine, imenitokea. Upungufu mwingine: pointi nyepesi wakati fulani inageuka kuwa nzito ukiwa ndani. Jina la kapita wa kambi nililiweka nyepesi, kumbe majina mawili yanafanana na watu ni wawili. Tunasikilizana tangu mwanzo kwamba naweza kupandisha uzito wa pointi moja katika ishirini bila kuuliza, zaidi ya hapo napiga simu kwanza.

Kuna namna ya tano ambayo mchapishaji mmoja aliniletea akidhani ni nzuri kwa wote: nilipwe kwa kila kosa nitakalolipata. Nilikataa, na ningekushauri ukatae pia. Pointi iliyo sawa imekugharimu muda uleule kama iliyo na kosa, na mtu anayelipwa kwa makosa ataanza kuyaona hata pasipo na makosa, atasimamia herufi moja ya jina la kijiji kama vile ni mauaji.

Na sasa ile nzito iliyomaliza saa 2 bila jibu. Wateja wengine wanasema hukupata kitu, kwa nini nilipe? Nawajibu hivi: nalipwa kutafuta, na kutokupata kwangu kunaandikwa kama kazi. Kwenye rejista naandika niliangalia wapi, tarehe gani, kitu gani hakikuwamo, na nampa mwandishi sentensi ambayo anaweza kuisimamia. Kwa ile ya 1941 nilimwandikia: "Wafanyakazi wengi waliuawa. Hesabu zinatofautiana: waandishi wengine wanataja kati ya 60 na 70, hesabu ya serikali ya wakati huo ilikuwa ya chini." Na kwa gavana: "Kuna maandishi yanayosema gavana mwenyewe ndiye aliyempiga risasi Mpoyi." Anayesema ni maandishi, si mwandishi wetu tena, na kwenye rejista maandishi hayo yako na ukurasa wake. Dola 10 zile njo zimenunua sentensi hizo. Lakini lazima mlikubaliane mbele ya kuanza, kwa maandishi, juu baada ya kazi hakuna anayeelewa.

Hapa tunafika kwa rejista, na nayo inachaguliwa kati ya namna mbili. Wengi wanaweka maoni pembeni mwa mswada kwenye Wodi. Inapendeza, mwandishi anaona palepale, anabonyeza, anarekebisha. Wengine wanatengeneza tabelo kwenye Ekseli, kila pointi mstari wake. Mimi nilikuwa mtu wa pembeni kwa miaka, mpaka kazi moja niliyofanyia nyumba ya uchapishaji ambayo sitaitaja. Nilihakiki kitabu kizima, maoni yote pembeni, nikatuma. Mtu wa kupanga kurasa akafuta maoni yote kwa mbofyo mmoja ndio faili iwe safi. Kitabu kikatoka, familia moja ikaja kulalamika juu ya jina la marehemu wao, wakaniita, nikasema nilikuwa nimeandika pale tusiandike hivi. Pale wapi? Kopi yangu mwenyewe nilikuwa nimeiandikia juu faili lingine. Sikuwa na hata mstari mmoja wa kuonyesha, na nililala vibaya siku nyingi, juu jina lile lilikuwa la mtu.

Kwa hiyo leo natumia zote mbili, lakini tabelo njo mama na pembeni ni mtoto. Pembeni naweka namba ya pointi tu na maneno mawili, "41: rekebisha". Kila kitu kingine kiko kwenye tabelo: namba ya pointi ambayo haibadiliki hata kurasa zikisogea, maneno ya mwandishi kama alivyoyaandika bila kuyafupisha, uzito, chanzo na ukurasa wake, tarehe niliyokiona mimi mwenyewe, kopi iko wapi, uamuzi, na safu ya mwisho kabisa, mwandishi alifanya nini. Safu hiyo ya mwisho usiiache. Mimi natoa ushauri, kitabu ni cha mwandishi, akiamua kubaki na sentensi yake ni haki yake, ila iandikwe na tarehe.

Kwenye uamuzi natumia maneno manne tu: sawa, rekebisha, vinapingana, haikupatikana. Nilikuwa na "labda", nikaitoa, haimsaidii mtu yeyote.

Faili za ushahidi naziita kwa namba ya sura, ya pointi na ya picha, ndio baada ya miaka mitano mtu mwingine aelewe bila kuniuliza:

```
S03_N041_01_jalada.jpg
S03_N041_02_ukurasa.jpg
```

Picha ya kwanza kila mara ni jalada ao alama ya sanduku la nyaraka, ya pili njo ukurasa wenyewe. Ukipiga ukurasa peke yake, jioni nyumbani unabaki na picha arobaini za karatasi za njano ambazo hujui zilitoka kitabu gani, na kesho yake unarudi kulipa tena taksi. Kwa ukurasa wa intaneti usitosheke na anwani, inakufa. Ibandike kwenye `web.archive.org/save`, inakupa anwani mpya yenye tarehe, weka hiyo kwenye tabelo.

Wazee wanaosimulia wanaingia pia, na hapa kwetu usipowahesabu wao umeacha nusu ya historia ya mji. Lakini waandike kama chanzo: uliongea naye lini, wapi, kwa lugha gani, alikubali jina lake litoke ao la, na swali ambalo watu wanasahau, aliona mwenyewe ao aliambiwa? Mama mmoja wa Kenya, komini yetu ya hapa mjini, alinisimulia siku ile ya 1941 vizuri sana, kelele, vumbi, viatu vilivyobaki chini. Nilipomuuliza mama ulikuwa na miaka ngapi, akasema, "Sikuwa nimezaliwa mwanangu, ni mama yangu aliniambia." Ushuhuda wake nimeuweka, bado ni wa thamani, ila umeandikwa kama habari ya mama yake. Na ndugu wawili waliosikia kwa baba mmoja nawahesabu chanzo kimoja, kama vile vitabu vinavyonakiliana.

Neno juu ya utafiti wenyewe, yaani pale mwandishi hana sentensi ya kuhakiki bali anasema nitafutie habari za kambi ya babu. Hapo pointi haifai, huwezi kuhesabu kisichoandikwa bado. Wengine wanalipisha kwa kila dokima wanaloleta, na matokeo yake unaletewa fotokopi mia mbili na kumi tu ndizo zina kazi. Kwa utafiti mimi nachukua siku, dola 45, na taksi na fotokopi kando kwa risiti halisi, na kila siku tatu natuma ukurasa mmoja wa nilichopata ndio mwandishi aseme endelea ao simama. Ujue pia mipaka: karatasi nyingi za Union Minière na za serikali ya kikoloni ziko Brussels, kwenye Nyaraka za Taifa za Ubelgiji. Usiahidi utazipata kwa wiki moja ukiwa Lubumbashi. Unatafuta namba ya faili kwenye orodha yao kwanza, ndipo unaomba kopi ao unapata mtu kule wa kwenda kuangalia, na gharama hiyo ni ya mteja, isiingie kwenye siku zako.

Kwa malipo nachukua avansi asilimia 40 siku orodha ya pointi inakubaliwa, 60 siku natoa tabelo. Mswada wenye maoni pembeni naupeleka mapema, tabelo yenye ushahidi inaenda na faktire. Papa wa Katuba alipoipokea ya sura ya 3 aliisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata kwenye skrini, akafika namba 41, ile ya hesabu ya waliouawa. Alitaka kubaki na 60, ndiyo namba aliyoisikia kwa babu yake. Tuliandika hivi kwenye safu ya mwisho: "Mwandishi ameongeza: babu yangu alisema walikuwa 60." Ikaingia kwenye kitabu hivyohivyo, chini ya ile sentensi ya hesabu zinazotofautiana.